Akiba ya Kilomita: Jinsi Safari za Malori Zinavyounganishwa

Mbinu ya akiba ni njia ya kupanga safari za malori yanayotoka ghala moja, yakashusha mzigo kwa wateja kadhaa na kurudi ghalani, kwa sharti kwamba hakuna lori linalobeba kupita uwezo wake. Huanza na mpango wa kifahari mno, ambao kila mteja anapelekewa lori lake peke yake. Kisha safari huunganishwa mbilimbili, ukianza muungano unaookoa kilomita nyingi kuliko mingine, mpaka usibaki muungano wowote unaoruhusiwa. Hesabu yenyewe ni ya kujumlisha na kutoa, na kwa wateja wachache hufanyika kwa kalamu na daftari.

Kinachofanya watu watafute mbinu kama hii ni wingi wa mipango inayowezekana. Lori moja likiwa na maduka 10 ya kupitia, mpangilio wa kuyapitia unaweza kuwa wa namna 1,814,400, hata pale ambapo kwenda na kurudi kwa njia ileile kunahesabiwa kuwa namna moja. Hapo bado halijaja swali la duka lipi liende na lori lipi. Mtu hawezi kujaribu yote, na kompyuta nayo hushindwa mapema wateja wakiongezeka. Kwa hiyo mpangaji hutafuta kanuni itakayompa mpango mzuri haraka, hata kama haimhakikishii kwamba hakuna ulio bora zaidi.

Tatizo hili liliandikwa kwa lugha ya hesabu mwaka 1959 na Wamarekani wawili, George Dantzig na John Ramser, waliokuwa wakichunguza namna ya kugawa petroli kutoka bohari kuu kwenda vituo vya mafuta. Miaka mitano baadaye, mwaka 1964, G. Clarke na J. W. Wright wa mjini Manchester, Uingereza, walichapisha njia nyingine. Clarke alikuwa akifanya kazi katika chama kikubwa cha ushirika wa biashara ya jumla, mahali ambapo kupeleka bidhaa kwenye vituo vingi ni shughuli ya kila siku. Walisema kwamba njia ya wenzao ilijali mno kujaza malori na ikasahau umbali. Wakauchukua mfano uleule wa Wamarekani, wenye vituo 12, wakapata jumla ya umbali wa 290 pale ambapo wenzao walikuwa wamepata 294. Tofauti ni ndogo, ila ilitosha kuonyesha kwamba lori kujaa na safari kuwa fupi ni mambo mawili mbalimbali. Tangu hapo mbinu hii huitwa pia kwa majina ya wawili hao.

Wazo lenyewe linaeleweka kwa kuangalia wateja wawili tu. Kila mmoja akipelekewa lori lake, barabara ya kutoka ghalani hadi kwa mteja wa kwanza inapitwa mara mbili, kwenda na kurudi, na ya mteja wa pili vilevile. Wakiunganishwa, lori linaenda kwa wa kwanza, linavuka hadi kwa wa pili, ndipo linarudi ghalani. Safari moja ya kurudi kutoka kwa wa kwanza imefutwa, na safari moja ya kwenda kwa wa pili imefutwa pia. Kilichoongezeka ni ule umbali wa kuvuka kati yao. Akiba basi ni umbali wa ghala hadi mteja wa kwanza, jumlisha umbali wa ghala hadi mteja wa pili, toa umbali kati ya wateja hao:

```
s(i,j) = d(0,i) + d(0,j) - d(i,j)
```

Hapa 0 ni ghala, i na j ni wateja, d ni umbali na s ni akiba. Ukiitazama kanuni hii vizuri utaona inapendelea nini. Akiba huwa kubwa wateja wanapokuwa mbali na ghala lakini karibu wao kwa wao. Maduka mawili yaliyo jirani na ghala huleta akiba ndogo hata yakiwa yamepakana, kwa sababu safari iliyofutwa ilikuwa fupi tangu mwanzo. Ndiyo maana mbinu hii hushughulikia kwanza wateja wa mbali, na wa karibu huachwa wajaze nafasi zilizosalia. Kwa kawaida huo ni mpangilio wa busara, maana kosa la kupeleka malori mawili kilomita 40 nje ya mji ni ghali kuliko la kupeleka mawili mtaa wa pili.

Muungano wowote hupimwa kwa masharti matatu kabla ya kukubaliwa. Kwanza, wateja hao wawili wawe kwenye safari tofauti. Kama tayari wako lori moja hakuna cha kuunganisha. Pili, kila mmoja awe kwenye ncha ya safari yake, yaani awe wa kwanza au wa mwisho kutembelewa, akiwa na barabara inayomuunganisha moja kwa moja na ghala. Mteja aliyeko katikati, mwenye jirani huku na huku, hana tena barabara ya ghalani ya kufutwa, kwa hiyo akiba iliyokokotolewa kwa ajili yake haipo tena. Tatu, mzigo wa safari zote mbili ukijumlishwa usizidi uwezo wa lori. Sharti hili la tatu ndilo linaloleta ugumu wote, kama mfano ufuatao unavyoonyesha.

Chukua ghala la saruji katika mji wa kubuni. Lori linabeba tani 10, yaani mifuko 200 ya kilo 50. Kuna maduka matano ya vifaa vya ujenzi: Sokoni, kilomita 10 kutoka ghalani, Mnarani, kilomita 12, Stendi, kilomita 14, Darajani, kilomita 20, na Bandarini, kilomita 22. Maduka haya yamekaa kama upinde mbele ya ghala, kuanzia Sokoni upande mmoja, halafu Stendi, Darajani, Bandarini, na Mnarani upande wa pili. Siku ya kwanza Sokoni wameagiza mifuko 90, Stendi 60, Darajani 80, Bandarini 70 na Mnarani 50. Jumla ni mifuko 350, hivyo malori hayawezi kupungua mawili.

Kila duka likipelekewa lori lake, umbali wote ni mara mbili ya 10, 12, 14, 20 na 22, yaani kilomita 156. Huo ndio mpango wa kuanzia. Maduka matano yanatoa jozi 10, na kila jozi inakokotolewa akiba yake. Darajani na Bandarini zimeachana kilomita 8. 20 jumlisha 22 ni 42, toa 8, akiba ni kilomita 34. Stendi na Darajani zimeachana kilomita 10, akiba yao ni 24. Bandarini na Mnarani zimeachana kilomita 13, akiba ni 21. Stendi na Bandarini, zilizoachana 17, zina akiba ya 19. Sokoni na Stendi, zilizoachana 6 tu, zina akiba ya 18. Jozi tano zilizobaki zina akiba ndogo zaidi, na ya mwisho kabisa ni Sokoni na Mnarani, zilizoko pande mbili za upinde: zimeachana kilomita 17, na kuziunganisha kunaokoa kilomita 5 tu.

Sasa orodha inasomwa kutoka juu kwenda chini. Darajani na Bandarini zinaungana bila shida, mzigo ukiwa mifuko 150. Inafuata jozi ya Stendi na Darajani. Darajani bado iko kwenye ncha, kwa hiyo sharti la pili limetimia, lakini 150 jumlisha 60 ni mifuko 210. Lori haliwezi, na jozi inaachwa. Inayofuata ni Bandarini na Mnarani: 150 jumlisha 50 ni 200 kamili, muungano unapita. Lori la kwanza limejaa na Bandarini sasa iko katikati. Stendi na Bandarini zinakataliwa mara mbili, kwa uzito na kwa sababu Bandarini imeshazungukwa. Sokoni na Stendi zinaungana kwa mifuko 150. Jozi zote za chini yake zinagusa lori lililojaa, kwa hiyo kazi imekwisha.

Matokeo ni safari mbili. Ya kwanza inatoka ghalani, Darajani, Bandarini, Mnarani na kurudi, kilomita 20, 8, 13 na 12, jumla 53. Ya pili inatoka ghalani, Sokoni, Stendi na kurudi, kilomita 30. Zote pamoja ni kilomita 83. Hapa kuna kipimo kizuri cha kukagua hesabu: akiba zilizokubaliwa, 34, 21 na 18, jumla yake ni 73, na 156 toa 73 ni 83. Namba hizi mbili zisipolingana, kuna muungano ulioandikwa vibaya, na mara nyingi kosa ni la kumuunganisha mteja aliyekwisha kuwa katikati. Kwa maduka matano mtu anaweza kujaribu migawanyo yote ya malori mawili, na hakuna unaoshinda kilomita 83.

Siku ya pili maagizo ni yaleyale, isipokuwa Stendi wamepunguza kutoka mifuko 60 hadi 50. Mzigo umepungua, kwa hiyo mtu angetarajia kilomita zibaki zilezile au zipungue. Darajani na Bandarini zinaungana kama jana, mifuko 150. Inafuata Stendi na Darajani, na leo 150 jumlisha 50 ni 200. Lori linatosha, na mbinu inapokea akiba ya 24 bila kusita. Kuanzia hapo lori la kwanza limejaa. Bandarini na Mnarani, iliyookoa kilomita 21 jana, haiwezekani tena. Sokoni na Stendi, kilomita 18, haiwezekani pia. Orodha inashuka, jozi moja baada ya nyingine ikikataliwa kwa uzito, hadi chini kabisa ambako imebaki Sokoni na Mnarani na akiba yake ya kilomita 5. Inakubaliwa kwa kukosa nyingine.

Lori la kwanza sasa linakwenda Stendi, Darajani, Bandarini, kilomita 54. La pili linakwenda Sokoni, linakatiza mji mzima hadi Mnarani, kilomita 39. Jumla ni kilomita 93. Mzigo umepungua mifuko 10 na safari zimerefuka kilomita 10, ilhali mpango wa jana wa kilomita 83 ungefaa leo bila kubadilishwa chochote.

Si hesabu iliyokosewa. Ndiyo tabia ya mbinu yenyewe: huchukua faida kubwa iliyo mbele yake, na haigeuki nyuma kutengua muungano iliokwisha kuukubali. Ilipata kilomita 3 zaidi kwa kuchagua 24 badala ya 21, ikapoteza 13 kwa kubakiwa na 5 badala ya 18. Palipo na uwezo mwingi wa malori tabia hii haiumizi sana. Malori yanapokaribia kujaa, kila uamuzi wa mapema hufunga milango mingi, na wateja wa mwisho hubaki wametawanyika huku na huko bila mwenzao wa karibu. Mpangaji mzoefu huitambua hali hiyo akitazama ramani: safari za kwanza ni nadhifu, zimejikusanya kama vishada, na moja au mbili za mwisho zinakatiza juu ya nyingine zikiwa na wateja wasiohusiana.

Dawa yake ni hatua ya pili ya marekebisho baada ya mbinu kumaliza. Mteja mmoja wa safari hii hubadilishwa na mmoja wa safari ile, halafu kilomita huhesabiwa upya; zikipungua na uzito ukiruhusu, badiliko hubaki. Katika mfano wa siku ya pili Stendi na Mnarani zote zimeagiza mifuko 50, kwa hiyo kuzibadilishana hakugusi uzito hata kidogo. Mnarani inakwenda na Darajani na Bandarini, Stendi inarudi kwa Sokoni, na kilomita 93 zinarudi kuwa 83 kwa badiliko moja. Programu nyingi za kupanga safari hufanya hivyo: mbinu ya akiba hutoa mpango wa kuanzia kwa muda mfupi sana, na marekebisho ya kubadilishana na kuhamisha wateja huja juu yake. Mbinu ikiachwa peke yake, katika mifano mashuhuri ambayo wataalamu huitumia kupimia njia zao, huzidi umbali bora unaojulikana kwa takriban asilimia 7 kwa wastani.

Kuna marekebisho mengine yanayoingia ndani ya kanuni yenyewe, yaliyopendekezwa na Gaskell mwaka 1967 na Yellow mwaka 1970. Umbali kati ya wateja huzidishwa kwa kipimo fulani kabla ya kutolewa:

```
s(i,j) = d(0,i) + d(0,j) - λ·d(i,j)
```

λ ikiwa 1, kanuni ni ileile ya awali. Ikiwa kubwa kuliko 1, wateja walioachana wanaadhibiwa zaidi, na hilo husaidia pale ambapo kanuni ya kawaida, kwa kuwapenda mno wa mbali, imetengeneza safari zinazozunguka mji kwa nje badala ya kuelekea upande mmoja. Kwa kuwa hesabu ni ya haraka, mpangaji hujaribu thamani kadhaa za λ na kuchukua mpango uliotoka mfupi kuliko yote. Hata hivyo si tiba ya kila kitu. Katika mfano wa saruji, 14 jumlisha 20 za Stendi na Darajani ni 34, na 22 jumlisha 12 za Bandarini na Mnarani ni 34 vilevile. Jozi ya kwanza imeachana kilomita 10 na ya pili 13, kwa hiyo thamani yoyote ya λ iliyo juu ya sifuri itaiweka ya kwanza mbele. Kwa thamani za kawaida za λ, kosa la siku ya pili lingebaki palepale.

Jambo lingine ambalo mbinu haliangalii ni idadi ya malori. Hupunguza kilomita, na malori hupungua kama matokeo tu ya kuunganisha. Inaweza kumaliza na safari tatu zenye mifuko 120, 120 na 110, ambazo hakuna mbili zinazotoshea lori moja, ingawa mzigo wote wa mifuko 350 ungeingia kwenye malori mawili kwa mgawanyo mwingine. Kampuni yenye malori mawili tu uwanjani haiwezi kuutumia mpango huo, na lazima marekebisho yafanywe kwa lengo la kuivunja safari moja na kuwagawa wateja wake kwa zile nyingine. Uwezo nao una sura zaidi ya moja. Saruji hugonga kikomo cha uzito huku bodi ikiwa bado na nafasi, na asiyejali hilo hukutana nalo kwenye mizani ya barabarani. Magodoro hujaza bodi kabla uzito haujafika popote. Mzigo ukiwa mchanganyiko, vipimo vyote viwili hukaguliwa kila muungano unapopendekezwa.

Wateja wakiwa wengi kazi huongezeka upande wa jozi. Maduka matano yana jozi 10, maduka 100 yana jozi 4,950, na wateja 1,000 wana jozi 499,500. Kompyuta hupanga orodha ya namna hiyo bila kutoa jasho. Wakifika makumi ya maelfu, jozi za wateja walioachana sana huachwa kabisa, kwa kuwa jozi ya aina ya Sokoni na Mnarani ni nadra kuwa na maana.

Mwisho kuna suala la uelekeo. Kanuni huchukulia kwamba umbali wa kwenda ni sawa na wa kurudi, kwa hiyo safari inaweza kugeuzwa bila hasara, na kuunganisha mara nyingi huhitaji kuigeuza mojawapo. Mjini penye barabara za njia moja dhana hiyo huvunjika. Hapo kila jozi hupewa akiba mbili, moja kwa kila uelekeo, na safari haigeuzwi hovyo. Lakini hata mahali ambapo kilomita ni sawa, uelekeo una gharama yake. Safari ya Darajani, Bandarini na Mnarani ni kilomita 53 upande wowote. Likianza Darajani, lori hubeba mifuko 200 kwa kilomita 20, kisha 120 kwa kilomita 8, kisha 50 kwa kilomita 13. Ukizidisha mifuko kwa kilomita unapata 5,610. Likianza Mnarani, hubeba 200 kwa kilomita 12, 150 kwa kilomita 13 na 80 kwa kilomita 8, jumla 4,990, na kilomita 20 za kurudi kutoka Darajani linakuwa tupu. Lori lenye mzigo hula mafuta kuliko lori tupu, hivyo ni bora kuanza Mnarani, na mifuko ya Darajani ipakiwe kwanza, mbele kabisa karibu na kichwa cha lori, ili ya Mnarani iwe mlangoni.